Kilo Ngapi, Kimo Gani, Dakika Ngapi: Ripoti ya Afya ya Kazini Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Nilirudi kazini wiki ya sita baada ya upasuaji wa mgongo nikiwa na karatasi yenye sentensi moja: "Anaweza kurejea kazini, apewe kazi nyepesi." Siku nne baadaye nilikuwa nyumbani tena, nimelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, nikijiuliza kama diski imetoka upya. Haikuwa imetoka. Kilichoniangusha ni neno "nyepesi", ambalo kila aliyelisoma alilielewa kwa namna yake, mimi nikiwamo. Yaliyofuata yalichukua miezi kadhaa, ripoti tatu za daktari wa afya ya kazini na sehemu nzuri ya mshahara wangu, na ninayaandika kwa ajili ya yeyote anayekaribia kupita njia hiyo, awe mgonjwa au msimamizi wake.

Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kupokea katoni zinapofika kwa lori, kuzipanga kwenye rafu, kuzitoa kwa oda, na mara kwa mara kuendesha foklifti mwendeshaji wake asipokuwepo. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno ilikuwa imepasuka, na kipande cha kiini chake kikawa kinabana neva inayoshuka kwenye mguu wa kulia. Daktari wa upasuaji alikitoa kipande hicho kupitia mkato mdogo. Yale maumivu ya mguu, ambayo yalinifanya nilale nimekaa kwa wiki kadhaa, yaliisha karibu siku ileile. Yaliyobaki ni maumivu ya kidonda na ya misuli ya kiuno, ganzi juu ya wayo wa kulia, na udhaifu wa kuinua kidole gumba cha mguu huo. Nilikiona kidole hicho kuwa jambo dogo, nisilitaje kwa mtu yeyote kazini, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Msimamizi wangu aliposoma "kazi nyepesi" alifanya alichoona ni wema: aliniweka getini, kwenye meza ya kuandikisha magari, ili nisiinue kitu chochote. Nilikaa saa nane kwa siku kwenye kiti cha plastiki. Kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa diski, kukaa muda mrefu bila kubadilisha mkao mara nyingi ni kugumu kuliko kutembea, kwa sababu kiuno hujikunja mbele na uzito wote hushukia palepale palipokatwa. Siku ya pili nilianza kuegemea meza kwa viwiko. Siku ya tatu aliniongezea kazi nyingine nyepesi, ya kupanga stakabadhi za zamani zilizokuwa kwenye droo za chini kabisa, na hapo nikawa nainama, nasimama, najipinda, mara nyingi kuliko ningeinama rafuni. Hakuna karatasi hata moja katika zile droo iliyofika kilo moja. Siku ya nne nilishindwa kushuka kwenye basi bila kushikwa mkono.

Daktari wa upasuaji hakukosea. Aliujua mgongo wangu, lakini hakuijua stoo. Msimamizi naye aliijua stoo bila kuujua mgongo. Daktari wa afya ya kazini ndiye anayesimama kati ya wawili hao. Kazi yake si kutibu, wala si kumchunguza mfanyakazi kwa niaba ya bosi ili kujua kama anajifanya mgonjwa. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unasema wazi kwamba watoa huduma za afya kazini hawapaswi kutakiwa na mwajiri kuthibitisha sababu za mtu kukosa kazi. Kazi yake ni kumweleza mwajiri, kwa lugha ambayo mwajiri anaweza kuitumia, mtu huyu anaweza kufanya nini leo, nini asifanye, kwa muda gani, na nini kibadilishwe kazini ili aweze. Mwajiri ndiye anayeamua. Nilichelewa kuielewa sentensi hiyo ya mwisho, kwa kuwa niliichukulia ripoti kama amri ya mahakama, kumbe ni ushauri, na ushauri usiotekelezeka huwekwa pembeni bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Ofisi ya rasilimali watu iliniandikia rufaa ya kwanza ya kwenda kwa daktari huyo wiki ya nane. Sikuiona fomu hiyo hadi baadaye. Mahali pa maelezo ya kazi paliandikwa "mtunza stoo", na mahali pa maswali paliandikwa "Je, yuko fiti kurudi kazini?" Daktari alinipima kwa muda mfupi, akaniuliza kazi yangu ikoje, nami nikajibu kwa haraka kwamba ni kupanga mizigo. Nilikuwa nataka kurudi. Likizo ya ugonjwa yenye malipo kamili ilikuwa imekwisha na nilikuwa kwenye nusu mshahara, kwa hiyo nilijionyesha mzima kuliko nilivyokuwa: sikusema juu ya kidole gumba, na nilipoulizwa kuhusu dawa nilisema natumia za maumivu za kawaida, nikaiacha ile ya neva niliyokuwa nikimeza jioni na ambayo iliniacha na kichwa kizito hadi saa nne asubuhi.

Ripoti ilifika baada ya siku chache. Ilisema kwamba niko fiti kurejea kazini nikifanyiwa marekebisho, niepuke kuinua vitu vizito, niepuke kukaa au kusimama muda mrefu, na mwajiri afikirie kunipa majukumu mbadala kadiri inavyowezekana. Hakuna neno lililokuwa la uongo. Msimamizi aliisoma mara mbili mbele yangu, akaiweka mezani, akaniuliza: "Zito ni kilo ngapi? Muda mrefu ni dakika ngapi? Na mbadala ni kazi gani, maana hapa kila kazi ina katoni?" Sikuwa na jibu, na ripoti haikuwa nalo. Aliogopa, na ninamwelewa: ningeumia tena chini yake, angeulizwa kwa nini aliniruhusu. Akanirudisha nyumbani nikasubiri.

Katika ripoti hiyo kulikuwa na jambo jingine lililoniuma kuliko ule utata. Aya ya pili ilitaja kwamba miaka ya nyuma niliwahi kutibiwa kukosa usingizi na msongo wa mawazo. Nililisema hilo chumbani kwa daktari, nikijibu swali la historia ya afya, na sasa lilikuwa limesomwa na watu watatu ofisini ingawa halikuwa na uhusiano wowote na kuinua katoni. Kumbe nilikuwa nimepewa fomu ya idhini yenye kisanduku cha kuchagua kuisoma rasimu kabla haijatumwa kwa mwajiri, nami nikasaini bila kukiweka alama. Kwa hiyo, ukipewa fomu hiyo, isome, na uombe rasimu. Huwezi kumfanya daktari abadili maoni yake ya kitabibu, lakini unaweza kusahihisha jambo lililoandikwa kimakosa, na unaweza kuomba habari isiyohusiana na kazi iondolewe. Msimamizi hahitaji hata kujua jina la ugonjwa. Anahitaji kujua mipaka.

Wazo la kupima lilikuwa la msimamizi, si langu. Siku moja alinipigia simu akasema kama daktari haijui stoo, tumpelekee stoo. Nilikwenda kwa saa mbili, sikugusa kitu, nikakaa na daftari huku yeye na kijana mmoja wa zamu wakipima. Katoni ya kawaida ilikuwa na kilo 12. Rafu ya chini kabisa ilikuwa kimo cha sentimita 15 kutoka sakafuni, na ya juu ilikuwa sentimita 180. Katoni zilizo upande wa mbali wa paleti, lile jukwaa zinalopangwa juu yake, zilimlazimu mtu kunyoosha mikono hadi mzigo ukawa takriban sentimita 50 mbele ya mwili. Siku ya kawaida mtu mmoja anashika kama katoni 300, nyingi zikiwa katika saa mbili za asubuhi lori linapofika. Tuliandika pia kwamba foklifti inaendeshwa dakika 20 hadi 40 kwa mara moja, na kwamba kurudi nyuma nayo kunataka kugeuza kiwiliwili chote. Karatasi nzima ilikuwa kurasa moja na nusu.

Pamoja na karatasi hiyo rufaa ya pili ilikuwa na maswali sita, ambayo tuliyaandika pamoja na ofisa wa rasilimali watu. Anaweza kuinua kilo ngapi kati ya kimo cha paja na kifua, na mara ngapi kwa saa? Anaweza kuinua chochote kutoka chini ya goti? Akae au asimame dakika ngapi kabla ya kubadilisha mkao? Aanze kwa saa ngapi kwa siku, na aongeze vipi? Anaweza kuendesha foklifti, na kama hawezi, nini kinapaswa kutokea kabla ya kuruhusiwa? Mapendekezo haya yadumu hadi lini? Swali la "yuko fiti?" halikuwamo. Jibu lake ni ndiyo au hapana, na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo kwa kawaida yuko katikati.

Safari hii nilikwenda nimeandika dawa zangu zote kwenye karatasi, pamoja na ile ya jioni. Daktari alinifanya nitembee kwa visigino. Kisigino cha kushoto kilishika vizuri. Cha kulia, wayo ulishuka taratibu baada ya hatua nne au tano, kama mkono unaochoka kushika ndoo. Akabonyeza kidole gumba kwa kidole chake kimoja nacho kikalala. Aliniuliza foklifti breki yake inakanyagwa kwa mguu upi. Nilijibu kwamba ni wa kulia. Hakusema neno, aliandika tu, na mimi ndipo nikaona uzito wa kile nilichokificha kwa majuma.

Ripoti ya pili ilikuwa kurasa mbili, na nilisoma rasimu yake. Sehemu ya kuinua ilianza na jambo ambalo sikulitarajia: daktari alitumia vipimo vyetu kuonyesha kwamba tatizo halikuwa mgongo wangu peke yake. Kuna hesabu ya kuinua mizigo iliyotengenezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ikasahihishwa mwaka 1991. Inaanza na kilo 23 kama kikomo katika mazingira bora kabisa, yaani mzigo ukiwa karibu na mwili, kimo cha kiunoni, bila kujipinda, kisha inapunguza kadiri mazingira yanavyokuwa mabaya. Mzigo ukiwa sentimita 25 mbele ya mwili haupunguziwi kitu; ukiwa sentimita 50, kikomo kinagawanywa kwa mbili na kubaki kilo 11.5. Mikono ikianzia sentimita 15 kutoka sakafuni, kinazidishwa tena kwa 0.82, na kubaki kama kilo 9.4. Bado hatujahesabu kujipinda wala idadi ya mara. Katoni yetu ya kilo 12, ikitolewa upande wa mbali wa tabaka la chini la paleti, ilikuwa imeshavuka kikomo kwa mtu mzima wa afya.

Daktari aliandika kwa makini kwamba hesabu hiyo imekusudiwa wafanyakazi wenye afya, na kwamba hakuitumia kunipangia mimi kilo zangu. Kilo zangu alizipata kwa kunipima, kwa kuangalia barua ya daktari wa upasuaji na taarifa ya mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa kukumbuka kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ambayo sehemu ya diski iliyobaki inaweza kutoka tena kwa urahisi zaidi. Ninalitaja hili kwa sababu baadaye niliona mwenzangu wa idara nyingine, aliyefanyiwa upasuaji tofauti wa kuunganisha pingili, akitaka kutumia nakala ya ripoti yangu. Muda wa kupona kwa kuunganisha pingili ni mrefu zaidi na mipaka yake ni mingine. Ripoti ni ya mtu mmoja, upasuaji mmoja, kazi moja.

Mpango wenyewe ulikuwa wa wiki sita, kuanzia wiki ya kumi na moja baada ya upasuaji. Wiki mbili za kwanza nilifanya saa nne kwa siku, siku ya kwanza, ya tatu na ya tano za juma la kazi, ili kila siku ya kazi ifuatwe na ya kupumzika. Wiki ya tatu na ya nne ilikuwa saa sita kwa siku nne, na mbili za mwisho siku zote tano, tukimalizia kwa saa kamili. Uzito ulianzia kilo 5, kati ya kimo cha paja na kifua tu, mara zisizozidi kumi kwa saa. Wiki ya tatu kilo 8. Katoni nzima ya kilo 12 haikuruhusiwa hadi nipimwe tena mwisho wa wiki ya sita. Kuinua kutoka chini ya goti kulikatazwa kwa kipindi chote. Sikutakiwa kukaa wala kusimama mahali pamoja zaidi ya dakika 30 bila kutembea kidogo. Saa za kuanza zilisogezwa mbele, ili nisiwe nayo ile zamu ya lori la asubuhi na ili dawa iwe imeshatoka kichwani. Foklifti ilikatazwa mpaka mambo mawili yatimie: niwe nimeacha dawa ya neva kwa ushauri wa daktari aliyenipa, na niwe naweza kutembea kwa visigino hatua ishirini bila wayo kushuka.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba kila kipengele mtu anaweza kukikagua kwa macho, kwa saa au kwa mizani. Msimamizi hakuhitaji kuniuliza naumwa kiasi gani, nami sikuhitaji kubishana. Alinunua utepe mwekundu na kuubandika kwenye nguzo za rafu kwa kimo cha paja langu, na mwingine kimo cha kifua. Kilicho kati ya tepe mbili ni changu, nje ya hapo ni cha wenzangu.

Si kila pendekezo lilikubaliwa. Daktari alishauri bidhaa zote zinazotoka haraka zihamishiwe rafu za katikati. Mwajiri alikataa, akieleza kwa maandishi kwamba hilo lingehitaji kupanga upya ghala zima na kubadilisha namba zote kwenye mfumo wa stoo. Akakubali kuhamisha aina kumi na nane zinazotoka zaidi. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye niligundua kwamba hizo kumi na nane ndizo zilizokuwa karibu nusu ya katoni zangu, na kwamba kukataa kwa maandishi, kukiwa na sababu na mbadala wake, kulinisaidia kuliko kukubali kwa mdomo. Upande mwingine, alininunulia kiti cha ofisi cha bei kubwa ambacho ripoti haikukitaja. Nilikikalia kwa shukrani, nikikiacha kila baada ya nusu saa kama nilivyoagizwa. Mgongo wangu haukuwa na ugomvi na kiti. Ugomvi wake ulikuwa na kutulia.

Ripoti haikusema lolote juu ya mshahara, na mimi nilidhani kwamba nikirudi, hata kwa saa nne, ninarudi kwenye malipo yangu. Sivyo. Daktari hupanga saa. Nani anazilipa saa ambazo hukufanya kazi ni suala la mkataba wako, sheria ya mahali ulipo na makubaliano na mwajiri. Mwezi wa kwanza nililipwa saa nilizofanya tu, na siku ambazo sikufanya hazikuhesabiwa ugonjwa wala likizo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameziandika popote. Kwa zile wiki mbili za kwanza nilipata pungufu ya nilichokuwa nikipata nikiwa nimelala nyumbani kwa nusu mshahara. Tulilirekebisha kwa kuzitumia siku za likizo yangu ya mwaka zilizokuwa zimelimbikizwa, lakini ningeuliza kabla ya siku ya kwanza, kwa maandishi, jambo moja tu: saa zilizobaki zitaandikwa nini kwenye mahudhurio?

Wenzangu walikuwa mtihani wa aina nyingine. Mtu anayekuona unatembea vizuri, unacheka, unaondoka kabla yake, anapata ugumu kukubali kwamba katoni ya chini haikuhusu. Msimamizi aliniuliza awaambie nini, nikamwomba awaeleze mipaka bila ugonjwa: kwamba hadi tarehe fulani sitashika kitu chini ya utepe, na kwamba huo ni mpango wa kampuni, si hiari yangu. Tarehe ilisaidia mno. Watu huvumilia mzigo wa ziada ukiwa na mwisho.

Hata hivyo niliuharibu mpango mimi mwenyewe. Wiki ya tatu lori lilichelewa, likafika saa zangu, na kijana wa zamu alikuwa peke yake anavuja jasho. Nilimsaidia katoni sita kutoka paleti, tabaka la chini, kilo 12 kila moja. Sikusikia chochote wakati ule. Usiku kiuno kiligandamana, na asubuhi maumivu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paja. Nilinyamaza siku mbili, nikafanya kazi kama kawaida, kwa kuogopa kwamba nikisema nitaonekana nimeshindwa na mpango utafutwa.

Kumbe ripoti ilikuwa na aya kuhusu jambo hilohilo, niliyoisoma harakaharaka kwa sababu haikuwa na namba. Ilieleza kwamba maumivu ya kiuno yanayoongezeka baada ya kazi na kutulia kufikia asubuhi inayofuata yanatarajiwa, na hayasimamishi mpango. Yakizidi siku mbili, turudi hatua moja nyuma kwa wiki moja kisha tuendelee. Maumivu yanayoshuka chini ya goti, ganzi inayopanda au wayo kuzidi kudhoofika, niache kazi na nionwe na daktari haraka. Na kushindwa kukojoa au kujizuia, ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, au udhaifu wa miguu yote miwili, hiyo ni hospitali saa ileile, bila kusubiri miadi, kwa sababu neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa hivyo zinaweza zisipone zikicheleweshwa. Yangu yalikuwa ya daraja la pili. Nilipomwambia msimamizi siku ya tatu, alifungua ripoti, akasoma aya hiyo, akanirudisha kwenye kilo 5 na saa nne kwa wiki moja. Mazungumzo hayo hayakuchukua dakika tano. Mpango haukufutwa, ulirefuka tu kwa wiki moja.

Mapitio ya tatu yalikuwa mwisho wa mpango huo. Nilikwisha kuacha dawa ya neva, na nilitembea kwa visigino kutoka mlango wa chumba cha daktari hadi dirishani na kurudi. Foklifti iliruhusiwa, kwa dakika zisizozidi 20 kwa mara moja, na kioo cha ziada kikaongezwa ili nisilazimike kujipinda sana ninaporudi nyuma. Kilo 12 kati ya paja na kifua ziliruhusiwa bila kikomo cha idadi. Tabaka la chini la paleti lilibaki limekatazwa bila tarehe ya mwisho, na hapo daktari aliongeza sentensi inayomshauri mwajiri aziinue paleti zote kwenye meza ya kunyanyulia kabla ya mtu yeyote, si mimi tu, kuzipakua. Meza moja ilinunuliwa. Ile ya pili bado inangojea bajeti.

Msimamizi yule amehamishwa. Wiki ya kwanza ya mrithi wake alinielekeza kwenye rafu ya chini kama anavyomwelekeza mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, na faili la rasilimali watu halikufunguliwa wakati wa makabidhiano. Nilikuwa na nakala ya ripoti ya tatu nyumbani. Kesho yake nilimletea ukurasa wa mapendekezo peke yake, bila ule wa historia ya afya. Aliusoma akiwa amesimama pale rafuni, kisha akainama kuutazama utepe mwekundu, ambao pembe zake zimeanza kubanduka, akaniuliza kama ofisini bado kuna mwingine.